Waja leo, waondoka leo: pesa iliyoingia kwenye lipa namba na isiyo mauzo

Shangazi yangu ana duka la vyakula Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Anauza mchele, unga, sukari, maharage, mafuta ya kupima, sabuni za vipande, na nazi anazozipanga chini karibu na mlango. Kwa miaka mingi hesabu zake zilikaa mahali pawili, kwenye droo na kwenye kaunta buku. Tangu aweke lipa namba pameongezeka mahali pa tatu, na hapo ndipo palipomchanganya. Droo anaihesabu kila usiku kwa mkono wake. Simu inampa salio tu, na salio halimwambii ameuza kiasi gani, kwa sababu mchana huohuo amekwisha lipia mzigo, ametoa, na nyingine ameihamishia kwenye namba yake ya binafsi.

Mimi kazi yangu ya kila siku ni majedwali na ripoti, kwa hiyo ombi lake lilikuja kwangu. Alitaka kila Jumamosi asubuhi, akishafungua duka, aone kwenye simu ameuza kiasi gani kwa lipa namba wiki iliyokwisha, na siku gani iliuza kuliko nyingine. Hakutaka kitu kingine. Nilikubali haraka, kwa sababu kuchora dashibodi ya namna hiyo ni kazi ya jioni moja. Kilichonichukua wiki nyingi ni kujua mstari upi katika taarifa ya miamala ni mauzo na upi si mauzo, na kuhakikisha kila mstari umehesabiwa mara moja tu.

Malighafi ilikuwepo. Mtandao anaoutumia unamruhusu kupakua taarifa ya miamala ya lipa namba kama faili la CSV. Juu kuna mistari michache ya jina la duka na kipindi, kisha linaanza jedwali lenye safu saba: `Receipt No.`, `Completion Time`, `Details`, `Transaction Status`, `Paid In`, `Withdrawn` na `Balance`. Shangazi hana kompyuta, ana simu, kwa hiyo nilichagua Google Sheets. Binti anayemsaidia dukani anapakua faili Ijumaa usiku na kuliweka kwenye folda moja ya Drive. Jumamosi alfajiri skripti niliyoiandika kwenye Apps Script inaingia kwenye folda, inasoma mafaili, na kuongeza miamala mipya kwenye karatasi niliyoiita `Miamala`. Dashibodi inajijumlishia kutoka hapo. Kupakua faili bado ni kazi ya mkono, maana sikuwa na njia ya kuufanya mtandao ulete taarifa wenyewe kwenye folda. Yanayofuata baada ya hapo hayaguswi na mtu.

Wiki ya shangazi inaanza Jumamosi na kwisha Ijumaa, kama majina ya siku zetu yanavyohesabu. Jedwali lenyewe, usipoliambia, huanza wiki Jumapili. Nilidhani itabidi nizungushe fomula ndefu, lakini ndani ya Sheets kila tarehe ni namba ya siku zilizohesabiwa kuanzia tarehe 30 Desemba 1899, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Ukigawa namba ya tarehe yoyote kwa 7, Jumamosi inabakiza sifuri, Jumapili moja, na kuendelea hadi Ijumaa inayobakiza sita. Kwa hiyo Jumamosi inayofungua wiki ya muamala wowote, tarehe yake ikiwa kwenye seli `B2`, inapatikana hivi:

```
=INT(B2)-MOD(INT(B2),7)
```

Sasa nielezee wiki moja, kwa sababu karibu kila nilichojifunza kilitoka humo.

Jumamosi ile dashibodi ilimwonyesha shangazi mauzo ya shilingi 1,596,000. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la dukani nikinywa kahawa. Alitazama simu, akaiweka juu ya mizani, akafungua kaunta buku na kupitisha kidole kwenye ukurasa wa wiki ile. Halafu akaniambia, "Mwanangu, hii si wiki yangu. Mimi kwa simu sijafika hata milioni." Hakuwa amejumlisha kitu. Aliijua wiki yake kwa magunia ya mchele aliyoyafungua.

Kosa la kwanza lilikuwa la kurudia. Wiki ile binti alipakua faili mara mbili, Jumatano na Ijumaa, na faili la pili lilirudia siku ambazo la kwanza lilikuwa nazo. Hilo nililitarajia. Kwa kweli mimi mwenyewe nilimwambia kila mara apakue siku 10 na si 7, kwa sababu mafaili yanayopandana yanaweza kusafishwa, lakini siku iliyorukwa haimpigii mtu kelele. Skripti ilikuwa inaangalia namba ya muamala, na kama namba ipo tayari kwenye karatasi, inauacha mstari. Sasa kwa nini shilingi 412,000 zilihesabiwa mara mbili?

Nilichuja miamala ya Jumanne na kutafuta malipo moja ya shilingi 8,500. Yalikuwepo mara mbili, dakika ileile, mteja yuleyule. Nikatazama safu ya namba za miamala, na badala ya namba nikaona vitu kama `1.20457E+16` kuanzia juu hadi chini. Nilipogusa seli, namba ikafunguka, na tarakimu zake mbili za mwisho zilikuwa sifuri. Nikagusa ya chini yake, sifuri mbili. Zote zilikuwa hivyo.

Namba za miamala za mtandao ule zina tarakimu 17, na hazina herufi hata moja. Sheets ikiona tarakimu tupu inadhani ni kiasi cha kujumlisha, na kiasi hukihifadhi kwa tarakimu 15 tu, zinazozidi zinageuka sifuri. Skripti ilipokuja mara ya pili ikachukua namba kamili kutoka kwenye faili, ikailinganisha na ile iliyokatwa mkia kwenye karatasi, ikaona hazifanani, ikaandika mstari upya. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, ila ilikuwa inalinganisha na kumbukumbu iliyoharibika. Dawa ni kuiambia safu nzima kwamba ni maandishi kabla ya kuandika chochote:

```javascript
jedwali.getRange('A:A').setNumberFormat('@');
```

Ukiifanya baadaye haisaidii, kwa sababu tarakimu zilizopotea hazirudi. Nilifuta karatasi ya `Miamala` yote na kuiacha skripti isome mafaili upya tangu mwanzo. Iliwezekana kwa sababu hatukuwa tumefuta faili hata moja kwenye folda, na tangu siku ile hatufuti. Zikaondoka zile 412,000, zikabaki 1,184,000.

Shangazi akatikisa kichwa bado. "Umepunguza, lakini bado si yangu."

Tukakaa pamoja tukapitia mistari ya `Paid In`, yeye akiwa na kaunta buku, mimi na simu. Hapo ndipo nilipouona muundo wa pesa yake, ambao nisingeujua kwa kukaa ofisini. Ana namba mbili, lipa namba na ya binafsi. Mwenye lori la mchele akija anataka kulipwa papo hapo, na ikiwa lipa namba haina ya kutosha, shangazi anajazia kutoka namba ya binafsi kisha analipa. Wiki ile alijaza mara mbili, 200,000 na 100,000. Pesa ile iliingia saa tatu asubuhi na kabla ya saa nne ilikuwa imekwisha toka. Kwenye taarifa inakaa safu ileile ya `Paid In` pamoja na mteja aliyenunua kilo mbili za unga.

Nilipomwonyesha mstari wa 200,000 akacheka, akasema, "Hiyo ni waja leo waondoka leo. Usiniwekee kwenye mauzo." Ndivyo watu wanavyoutaja mji wetu tangu zamani, na jina likashika. Hadi leo safu ya aina kwenye karatasi ya `Miamala` ina maneno matatu tu: `mauzo`, `waja leo` na `toleo`, yaani pesa iliyotoka.

Kuitambua pesa ya namna hiyo kwa kanuni si vigumu, maana namba inakotoka inaandikwa kwenye `Details`. Niliweka karatasi ndogo inayoitwa `Kanuni`, na ndani yake namba ambazo pesa zake si mauzo: namba ya binafsi ya shangazi, na namba ya muuza jumla wake wa sukari ambaye mara nyingine humrudishia pesa mzigo ukipungua. Wiki ile alirudisha 26,000. Jambo la kuangalia ni kwamba mstari mmoja unaweza kuandika namba ikianza na 0 na mwingine ukaanza na 255, kwa hiyo tunalinganisha tarakimu tisa za mwisho tu. Fomula ya aina ni hii. Kwenye `Miamala`, safu ya `C` ni `Details` na `D` ni `Paid In`, na seli `A2` ya `Kanuni` ina namba hizo zikitenganishwa kwa alama ya `|`:

```
=IF(D2=0,"toleo",IF(REGEXMATCH(C2,Kanuni!$A$2),"waja leo","mauzo"))
```

Lakini kuna moja ambayo kanuni haiwezi kuijua. Jumapili jioni mteja alitaka kulipa 5,000, kidole kikaongeza sifuri, ikaingia 50,000. Shangazi akamrudishia 45,000 palepale. Mstari wa kuingia ni wa mteja wa kweli aliyenunua bidhaa ya kweli, na mstari wa kutoka unafanana na malipo mengine yote. Hakuna neno lolote kwenye faili linaloviunganisha viwili hivyo. Kwa hili nikaweka karatasi ya tatu, `Marekebisho`, ambayo binti anaandika namba ya muamala, kiasi cha kupunguza, na Jumamosi ya wiki hiyo. Jumla ya wiki inapunguza kutoka hapo, `G` ikiwa safu ya aina, `H` safu ya Jumamosi ya wiki, na `A2` Jumamosi ya wiki inayojumlishwa:

```
=SUMIFS(Miamala!D:D,Miamala!G:G,"mauzo",Miamala!H:H,A2)
 -SUMIFS(Marekebisho!B:B,Marekebisho!C:C,A2)
```

Ningeweza kumwambia abadilishe kiasi kwenye `Miamala` yenyewe, lakini nilikataa. Karatasi ile ni nakala ya alichosema mtandao. Ikishaguswa kwa mkono hata mara moja, siku tukilazimika kuifuta na kusoma upya mafaili, rekebisho lote linapotea na hakuna atakayekumbuka.

Basi kutoka 1,184,000 tukaondoa 300,000 za waja leo, 26,000 za sukari na 45,000 za mteja aliyekosea. Zikabaki 813,000. Shangazi alijumlisha kaunta buku yake ya malipo ya simu, akapata 805,500. Tofauti ya 7,500 tuliifuata mstari kwa mstari, ikawa ni mauzo mawili ya Alhamisi usiku ambayo binti hakuyaandika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hapo shangazi akasema, "Haya, hii ndiyo yangu."

Yeye aliridhika, mimi bado. Kaunta buku ilitusaidia wiki ile kwa sababu tulikaa nayo saa mbili. Nilitaka namna ya kujua kila Jumamosi, bila kumkalisha mtu, kama faili limeingia zima. Jibu lilikuwa kwenye safu ambayo sikuwa nimeitumia kabisa, `Balance`.

Salio ni mnyororo. Salio la kabla ya wiki kuanza, ukiongeza yote yaliyoingia na kutoa yote yaliyotoka, lazima likupe salio la mstari wa mwisho wa wiki. Halijali kipi ni mauzo na kipi ni waja leo. Linajali tu kama mistari yote ipo na hakuna iliyorudiwa. Ikiwa siku imerukwa mnyororo unakatika, na ikiwa mstari umeingia mara mbili unakatika vilevile.

Nikaijaribu kwa wiki ileile ambayo tulikuwa tumekwisha ikubali. Salio la kuanzia lilikuwa 212,500. Yaliyoingia 1,184,000, yaliyotoka 1,046,000. Kwa hesabu hiyo wiki ilipaswa kufunga na 350,500. Mtandao uliandika 346,900. Shilingi 3,600 zilikuwa hazipo.

Nilirudi kwenye faili lenyewe, si kwenye karatasi, nikalisoma kama gazeti. Kila shangazi alipotoa pesa palikuwa na mistari miwili: mmoja wa kiasi alichotoa, na chini yake mmoja wa makato. Na mistari hiyo miwili ilikuwa na namba moja ya muamala. Skripti yangu ikiona namba imekwisha andikwa, inaruka. Ilikuwa inaandika kiasi na kuyatupa makato, kila wiki, tangu siku ya kwanza. Mara nne wiki ile, 900 kila mara.

Mauzo hayakuharibika kwa kosa hilo, kwa hiyo mtu anaweza kusema liachwe. Mimi nililiona zito. Makato ni gharama ya shangazi, na zaidi ya hapo, kipimo ambacho kila wiki kinakosea kidogo hakifai kugundua siku kinapokosea sana. Namba ya muamala peke yake haitoshi kuwa utambulisho wa mstari. Kinachotofautisha mistari miwili ya muamala mmoja ni salio, kwa sababu baada ya makato salio limeshuka. Nikaviunganisha viwili:

```javascript
const ufunguo = m[0] + '|' + m[6];
if (m[3] !== 'Completed' || zilizopo.has(ufunguo)) continue;
zilizopo.add(ufunguo);
mpya.push([ufunguo, tarehe(m[1]), m[2],
           kiasi(m[4]), kiasi(m[5]), kiasi(m[6])]);
```

Hapa `m` ni mstari mmoja wa faili, na hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo `m[6]` ni safu ya saba. Sharti la `Completed` linafanya kazi mbili: linaacha miamala iliyoshindikana, na linaruka ile mistari ya juu yenye jina la duka, ambayo haina neno hilo. Ufunguo wenye alama ya `|` katikati una faida nyingine: Sheets haiwezi kuudhania kuwa ni kiasi, kwa hiyo mkia wake haukatwi tena. Kazi ya `kiasi` ni kuondoa mikato ya maelfu tu, maana `8,500.00` kwa skripti ni maandishi, si namba.

Tukafuta, tukasoma upya, na mnyororo ukafunga kwenye 346,900 bila senti kuzidi wala kupungua. Sasa juu ya dashibodi kuna mstari mmoja mdogo unaosema tofauti ya salio ni kiasi gani. Ukiwa sifuri shangazi anaendelea na kazi zake. Ukiwa si sifuri ananipigia.

Tarehe nazo zilinisumbua, ingawa kwa muda mfupi. Faili letu linaandika siku kwanza kisha mwezi, na jedwali lilikuwa limefunguliwa kwa mipangilio ya Marekani inayoweka mwezi mbele. Tarehe 5 Machi ikasomwa 3 Mei, na tarehe 13 Machi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ikabaki maandishi na kuegemea kushoto kwenye seli. Ukiona nusu ya tarehe zimeegemea kulia na nusu kushoto, ni hilo. Nilibadilisha `Locale` na saa za jedwali na za skripti ziwe `Africa/Dar_es_Salaam`, lakini sikuishia hapo, kwa sababu mtu anaweza kuzigeuza bila kujua. Skripti inaivunja tarehe yenyewe:

```javascript
function tarehe(s) {
  const [d, m, y, h, n] = s.match(/\d+/g).map(Number);
  return new Date(y, m - 1, d, h, n);
}
```

Kujisasisha kwenyewe kulikuwa rahisi kwa mitambo. Ndani ya Apps Script kuna ukurasa wa `Triggers`, ukachagua wiki, ukachagua Jumamosi, ukachagua kati ya `6am to 7am`, yaani kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Huchagui dakika, mfumo unaichagua ndani ya saa hiyo. Duka linafunguliwa saa moja, kwa hiyo inatosha.

Kigumu ni kwamba dashibodi isiyopata faili jipya inaonekana sawa kabisa na iliyopata. Ijumaa moja binti aliishiwa kifurushi, akalala bila kupakia. Asubuhi skripti ikaamka kwa wakati wake, haikukuta kipya, ikamaliza vizuri. Nilikuwa nimeweka pale juu maneno ya kuonyesha skripti iliamka lini, na yalisema leo. Shangazi akaziamini namba za wiki ya nyuma yake, na kwa namba hizo akaagiza mzigo. Nilijisikia vibaya sana siku ile, kwa sababu maneno yale niliyaweka mimi na hayakumwambia ukweli aliouhitaji. Mwenye duka hana haja ya kujua skripti iliamka lini. Anataka kujua muamala wa mwisho uliomo humu ni wa lini. Sasa inaandikwa hivi, na ikipita siku mbili kisanduku kizima kinakuwa chekundu:

```
=IF(TODAY()-INT(MAX(Miamala!B:B))>2,"FAILI LA ZAMANI",MAX(Miamala!B:B))
```

Jambo jingine nililolichelewesha na sikupaswa ni majina. Taarifa ya miamala ina majina na namba za wateja wote, na wateja wa Ngamiani wanajuana. Nani kanunua nini na saa ngapi si habari ya kupita kwenye simu za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayolinda mambo kama hayo. Folda na karatasi ya `Miamala` zinafunguliwa na watu watatu tu. Dashibodi anayoiona shangazi, na ambayo wanawe nao wanaiona, ni jedwali jingine linalovuta jumla peke yake.

Jumla zenyewe zimeanza kumfaa. Nguzo za siku kwa siku zilionyesha kuwa Alhamisi jioni inapita siku nyingine kwa mbali, wiki baada ya wiki. Yeye alijua kuwa Alhamisi watu wananunua mchele wa pilau ya Ijumaa, lakini hakujua kwamba wengi wao wanalipa kwa simu, na kwamba pesa hiyo ilikuwa inaingia wakati lipa namba amekwisha imaliza kwa kulipia mzigo wa Alhamisi asubuhi. Amehamishia mzigo wa mchele Ijumaa. Tangu afanye hivyo, mistari ya waja leo imepungua, kwa sababu hana tena haja ya kujazia kutoka namba ya binafsi.

Kichwa cha dashibodi kinasema `Mauzo ya lipa namba`, na si `Mauzo`. Nilisisitiza hilo. Noti za kwenye droo hazimo humu, na mteja anayelipa leo deni la mwezi jana anaonekana kama amenunua leo. Taarifa inajua pesa iliyoingia, haijui bidhaa iliyotoka.

Na kuna moja tunayohangaika nayo mpaka sasa. Mteja anakuja, ananunua vitu vya 10,000, anatuma 30,000, na kumwomba shangazi ampe 20,000 taslimu, ili asiende kwa wakala. Shangazi hawezi kumkatalia jirani. Kwenye faili ni mstari mmoja, 30,000, imekamilika, mteja wa kweli, na salio linafunga vizuri kabisa. Hakuna fomula itakayoiona. Tumekubaliana kwamba binti akitoa taslimu ya namna hiyo anaandika herufi T pembeni ya mstari kwenye kaunta buku, na Ijumaa usiku, kabla ya kupakua faili, anazihamishia zote kwenye `Marekebisho`. Ijumaa iliyopita nilipita dukani nikamkuta ameinama juu ya kaunta chini ya taa, kaunta buku mkono mmoja na simu mkono mwingine. Zilikuwa T tano. Moja hakukumbuka ilikuwa ya kiasi gani, ikabidi amtume mtoto kwa jirani kuuliza.